Duara Linapogeuka Duaradufu: Namna Ramani Inavyoivuta Dunia

Itazame ramani ya dunia ya aina iliyozoeleka kwenye kuta za madarasa, kisha ulinganishe Ufini na Tanzania. Kwa macho, Ufini inaikaribia Tanzania mara mbili kwa ukubwa. Ardhini mambo ni kinyume kabisa. Ufini ina kilomita za mraba 338,000 hivi, na Tanzania ina takriban 947,000. Ufini mbili zingeingia ndani ya Tanzania na nafasi kubwa ingebaki.

Ramani hiyo haikuchorwa ovyo. Gerardus Mercator aliitoa mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, na kazi aliyoikusudia inaifanya vizuri: nahodha anayeshikilia mwelekeo mmoja wa dira huiona safari yake ikiwa mstari mnyoofu. Ili jambo hilo liwezekane, pembe zilibidi zibaki sahihi kila mahali. Kilichotolewa mhanga ni maeneo ya nchi.

Je, tunawezaje kusema kwa usahihi ramani imeivuta nchi kiasi gani, na kuelekea upande gani? Jibu zuri kuliko yote ninayoyajua lilitoka kwa Mfaransa Nicolas Auguste Tissot, aliyelieleza mwaka 1859 na kulikamilisha katika kitabu chake cha mwaka 1881. Alisema tuchore duara dogo ardhini, tuseme lenye nusu kipenyo cha kilomita 1, halafu tuangalie linatokeaje kwenye ramani. Duara likiwa dogo vya kutosha, ramani yoyote laini italigeuza kuwa duaradufu. Pengine duaradufu hilo litakuwa bado duara, limekua tu. Pengine litakuwa jembamba, limelala au limesimama au limeinama. Umbo hilo moja linabeba habari zote za uvutaji mahali pale, na ndilo njia nyepesi ya kuelewa vitu viwili ambavyo wanafunzi wengi hukutana navyo kama hesabu za kukariri: determinanti na thamani aigeni.

Tuanze na namba nne. Simama mahali fulani duniani, upige hatua moja kwenda mashariki, kisha urudi na kupiga hatua moja kwenda kaskazini. Kwenye ramani kila hatua inatua mahali fulani. Ya mashariki imesogea kiasi fulani kulia na kiasi fulani juu. Ya kaskazini vivyo hivyo. Tukiziandika hatua hizo mbili kwa kuzisimamisha sambamba, tunapata jedwali ambalo wanahisabati huliita matriksi:

```
a  b
c  d
```

Safu wima ya kwanza, `a` na `c`, inaeleza hatua ya mashariki imetua wapi. Safu wima ya pili, `b` na `d`, inaeleza ya kaskazini. Hatua nyingine yoyote ni mchanganyiko wa hizo mbili, kwa hiyo namba nne zinatosha kueleza kila kinachotokea pale.

Ardhini, hatua ya mashariki na ya kaskazini zinafanya pande mbili za mraba wenye eneo la 1. Kwenye ramani mraba huo unakuwa msambamba, na eneo la msambamba huo ni `ad − bc`. Hiyo ndiyo determinanti. Sehemu ya `ad` ni eneo ambalo tungepata kama pande hizo zingebaki zimenyooka, moja kulia na nyingine juu. Sehemu ya `bc` inaondoa kile kinachopotea pande zikiegemeana. Zikiegemeana hadi zikalala kwenye mstari mmoja, `ad` na `bc` zinalingana, determinanti inakuwa 0, na mraba mzima unabanwa kuwa mstari usio na eneo. Ukitazama dunia kwa mbali sana kutoka angani, hilo ndilo linalotokea pembezoni kabisa mwa picha: nchi zilizo ukingoni zinakunjwa hadi kuwa uzi.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini namba iliyopatikana kwa mraba itumike kwa duara. Sababu ni kwamba duara linaweza kujazwa kwa miraba midogo sana, na matriksi ile ile inaugeuza kila mraba kuwa msambamba wa umbo lile lile. Kila kimoja kikikua mara nne, jumla yake inakua mara nne. Duara lenye nusu kipenyo cha 1 lina eneo la π, kwa hiyo duaradufu linalotokana nalo lina eneo la π mara determinanti. Na hivyo ndivyo ilivyo kwa umbo lolote lile, hata mpaka wa nchi uliojaa kona, mradi namba za matriksi zisibadilike ndani yake.

Sasa twende kwenye latitudo ya digrii 60 kaskazini, kusini mwa Ufini. Tuchukue ramani ya Mercator iliyopimwa kwa skeli yake ya ikweta, ambapo hatua moja ardhini ni hatua moja kwenye karatasi. Duara la latitudo ya digrii 60 lina urefu wa nusu ya ikweta, lakini kwenye ramani limevutwa hadi lilingane na ikweta. Kila hatua ya mashariki imezidishwa mara 2. Ili pembe zisiharibike, Mercator aliivuta ya kaskazini mara 2 vilevile:

```
2  0
0  2
```

Determinanti ni 4. Duara limebaki duara, ila eneo lake ni mara nne. Kadiri unavyopanda kaskazini namba inapanda nayo: kwenye digrii 65 eneo linazidishwa mara 5.6, na kwenye digrii 70 mara 8.5 hivi. Dar es Salaam, iliyo karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, eneo limeongezeka kwa asilimia 1 na nukta. Hiyo ndiyo siri ya Ufini: sehemu zake zote zimezidishwa kati ya mara 4 na karibu mara 9, wakati Tanzania imeachwa karibu kama ilivyo.

Mwaka 1772 Johann Heinrich Lambert alichora ramani iliyolinda eneo. Hakuweza kuzuia latitudo ya digrii 60 isivutwe mara 2 kwenda mashariki, kwa sababu naye aliiweka dunia ndani ya mstatili. Basi alifidia kwa kuibana upande wa kaskazini hadi nusu:

```
2  0
0  0.5
```

Determinanti ni 2 mara 0.5, yaani 1. Duara limelala likawa duaradufu lenye nusu kipenyo kirefu cha 2 na kifupi cha 0.5, na eneo lake bado ni π. Ufini ina ukubwa wake wa kweli, ila imebanwa hadi haitambuliki.

Hapa ndipo thamani aigeni zinapojitokeza. Ramani inapoligeuza duara, hatua nyingi zinabadili urefu na pia zinageuka mwelekeo. Kwenye ramani ya Lambert, hatua ya kaskazini mashariki haitui tena kaskazini mashariki. Imelala zaidi kuelekea mashariki. Lakini ziko hatua mbili zisizogeuzwa. Ya mashariki inabaki ya mashariki, imerefushwa tu mara 2. Ya kaskazini inabaki ya kaskazini, imefupishwa tu hadi 0.5. Mwelekeo usiogeuzwa huitwa mwelekeo aigeni, na kiasi cha kurefushwa au kufupishwa ndani yake huitwa thamani aigeni. Ukizidisha thamani aigeni zote unapata determinanti, na ukizijumlisha unapata jumla ya `a` na `d`. Kwa matriksi ya namba nne, kanuni hizo mbili zinatosha kuzipata: tafuta namba mbili ambazo jumla yake unaijua na zao lake unalijua.

Ramani ya Gall na Peters, iliyoleta mabishano makali tangu Arno Peters alipoitangaza mwaka 1973 ingawa James Gall alishaieleza mwaka 1855, ni ndugu wa ile ya Lambert. Tofauti ni kwamba mahali inapoonyesha maumbo bila kuyaharibu ni latitudo ya digrii 45 badala ya ikweta. Matokeo yake ni kwamba ikweta yenyewe, pale ulipo Mlima Kenya, inapata thamani aigeni za 0.707 kwenda mashariki na 1.414 kwenda kaskazini. Zao lake ni 1, eneo ni la haki. Lakini duara limesimama likawa na kimo mara mbili ya upana, na ndiyo maana Afrika katika ramani hiyo inaonekana kama nguo yenye maji iliyoanikwa.

Mpaka hapa kila kitu kimekwenda sawa, na mwanafunzi anaweza kuondoka akiamini kwamba thamani aigeni ndizo nusu vipenyo vya duaradufu. Vitabu vingi huishia hapo. Imani hiyo ni ya kweli kwa ramani tulizozitazama, lakini iko ramani ya siku nyingi inayoivunja.

Ni ramani ya sainusoidi, inayohusishwa na majina ya Nicolas Sanson na John Flamsteed. Kila latitudo inachorwa kwa urefu wake wa kweli, na nafasi kati ya latitudo nayo ni ya kweli. Dunia inatokea na umbo la pia, pana katikati na iliyochongoka juu na chini. Hadi leo inafanya kazi: takwimu za ardhi za chombo cha MODIS, kilicho kwenye setilaiti za NASA, hugawanywa katika vigae vya ramani hii, kwa kuwa kila kigae kinashika eneo sawa.

Chukua mahali palipo digrii 30 kaskazini na digrii 114.6 magharibi, kwenye rasi ya Baja California nchini Mexico. Nimepachagua kwa sababu hesabu yake inatoka safi. Hatua ya mashariki inatua mashariki kwa urefu wake ule ule. Hatua ya kaskazini inapanda kiasi chake cha kweli, lakini inasogezwa kulia kwa kiasi hicho hicho, kwa sababu mistari ya longitudo pale inainama kuelekea katikati ya ramani:

```
1  1
0  1
```

Determinanti ni 1 mara 1, toa 1 mara 0, yaani 1. Eneo halikubadilika. Thamani aigeni nazo ni namba mbili zenye jumla ya 2 na zao la 1: zote ni 1. Kwa kuzisikiliza zenyewe tu ungedhani hakuna kilichovutwa mahali pale.

Lichore duara sasa. Pointi yake yoyote `(x, y)` inahamia `(x + y, y)`. Sehemu ya juu inasukumwa kulia, ya chini inasukumwa kushoto, na ya katikati inabaki palepale. Kinachotokea ni duaradufu lililoinama, na ukilipima utakuta nusu kipenyo kirefu ni 1.618 na kifupi ni 0.618. Nchi iliyo pale imerefushwa kwa asilimia 62 upande mmoja na kubanwa kwa asilimia 38 upande mwingine, hali thamani aigeni zinasema 1 na 1.

Hakuna mgongano, kwa sababu thamani aigeni hujibu swali moja tu: hatua isiyogeuzwa imerefuka kiasi gani? Katika matriksi hii mwelekeo usiogeuzwa ni mmoja tu, wa mashariki na magharibi, na kweli huko hakuna kilichorefuka. Hatua iliyorefushwa kuliko zote ni nyingine. Ardhini ilikuwa imeinuka digrii 58.3 juu ya mashariki. Kwenye ramani imelala hadi digrii 31.7. Imevutwa na kugeuzwa kwa pamoja, kwa hiyo thamani aigeni haziihesabu.

Nusu vipenyo vya duaradufu vinapatikana kwa hatua moja ya ziada. Geuza matriksi ili mistari yake milalo iwe ya wima, kisha uizidishe na ile ya asili. Kwa mfano wetu inatoka hivi:

```
1  1
1  2
```

Matriksi hii ina ulinganifu, namba zake za pembeni ni sawa, na matriksi yenye ulinganifu daima ina mielekeo aigeni inayokatana kwa pembe mraba. Thamani aigeni zake ni namba mbili zenye jumla ya 3 na zao la 1, nazo ni 2.618 na 0.382. Vipeo vyake vya pili ni 1.618 na 0.618, zile zile tulizopima kwenye mchoro. Zizidishe: unapata 1. Kwa hiyo nusu vipenyo vya duaradufu na thamani aigeni vinaweza kutofautiana sana, lakini vikizidishwa, kila jozi kwa yake, vinatoa ukubwa ule ule wa determinanti. Vinakuwa kitu kimoja pale tu matriksi yenyewe inapokuwa na ulinganifu na haina thamani aigeni hasi, kama zilivyokuwa za Mercator na Lambert.

Kwa Tanzania athari ni ndogo. Dodoma iko karibu na ikweta na haiko mbali sana na Greenwich, ambako ndiko katikati ya gridi ya MODIS, na msukumo wake wa upande ni 0.067 tu. Duaradufu la pale lina nusu vipenyo vya takriban 1.034 na 0.967. Anayepima ukubwa wa msitu kwa kuhesabu vigae hatapata tatizo lolote, lakini anayepima urefu wa barabara juu ya gridi hiyo anaweza kukosea kwa asilimia 3 bila kujua.

Wanajiolojia wanalikuta suala hili katika vipimo vitatu, ambapo determinanti inapima ujazo. Baadhi ya mawe ya chokaa yana vijipunje ambavyo vilikuwa na umbo la mpira jiwe lilipoundwa. Milima ikijikunja, kila kijipunje kinageuka kuwa kama yai lenye nusu vipenyo vitatu tofauti, na zao la vitatu hivyo linaeleza kama jiwe limepungua ujazo au limebadilika umbo tu. Ernst Cloos alivipima vijipunje vya namna hiyo kwenye mkunjo wa South Mountain, jimbo la Maryland nchini Marekani, na kutoa matokeo yake mwaka 1947. Ila yai pekee halisemi yote. Duara lililosukumwa kando kama lile la Baja California, na duara lililovutwa moja kwa moja 1.618 kwa 0.618, yanaishia katika umbo moja. Kama jiwe lilizunguka au halikuzunguka wakati wa kubanwa, umbo limelisahau, na mwanajiolojia hana budi kutafuta ushahidi mwingine.

Turudi kwenye ramani, maana kuna jambo linalowasumbua wengi: kwa nini tusichore moja inayolinda eneo na umbo kwa pamoja? Kulinda umbo ni kutaka nusu vipenyo vya kila duaradufu vilingane. Kulinda eneo ni kutaka zao lake liwe 1. Ukiyataka yote mawili, vyote vinalazimika kuwa 1 kila mahali, maana yake kila umbali mdogo uwe wa kweli, na ramani iwe nakala kamili ya dunia iliyolazwa bila kukunjwa wala kuchanwa. Leonhard Euler alithibitisha katika miaka ya 1770 kwamba hilo haliwezekani. Kwa hiyo kila mchora ramani anachagua cha kuacha. Mwezi Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuachana na ramani ya Mercator katika kuionyesha dunia na kutumia Equal Earth, iliyobuniwa na Bojan Šavrič, Tom Patterson na Bernhard Jenny mwaka 2018. Determinanti yake ni ile ile kila mahali, na maduaradufu yake yameinama kiasi kuelekea kingo. Kwa ramani ya ukutani naona uchaguzi huo ni sahihi, kwani mtoto anayeitazama hapangi safari ya meli, analinganisha nchi.

Ramani yako unaweza kuipima kwa rula, ikiwa imechorwa mistari ya kila digrii 10 na wewe ukakadiria ya katikati. Tuseme kwenye ikweta kisanduku cha digrii 10 kwa 10 kina sentimita 2 kila upande. Nenda kwenye kisanduku kinachoanzia latitudo ya 55 hadi 65. Ardhini upana wake ni nusu tu ya ule wa ikweta, lakini kimo ni kile kile. Ukikuta upana wa sentimita 2 na kimo cha karibu 4, uvutaji ni mara 2 kila upande na determinanti ni 4: hiyo ni Mercator. Ukikuta upana wa 2 na kimo cha 1, ni 2 kwa 0.5, na eneo limelindwa.

Mahali mistari ya longitudo imeinama, kipime kimo kwa kwenda juu wima kutoka latitudo moja hadi nyingine, kama tulivyofundishwa kupima kimo cha msambamba. Ukiifuata longitudo iliyoinama kule Baja California, rula itakupa 1.414, nawe utadhani eneo limekua kwa asilimia 41, wakati halikuongezeka hata kidogo. Na hiyo 1.414 si thamani aigeni wala si nusu kipenyo cha duaradufu. Ni urefu wa hatua moja iliyoelekea kaskazini, basi.